Duara jeupe la kikombe cha chai kwenye meza ya mbao: liko wapi hasa, na linatokaje

Lile duara jeupe linaloachwa na kikombe cha chai ya moto haliko juu ya meza, ndo maana ukilifuta na kitambaa halitoki hata ufute mpaka mkono uchoke, na wala halijaingia kwenye mbao, ndo maana hakuna haja ya kukimbilia msasa. Liko hapo katikati, ndani ya ule utando mwembamba wa vanishi. Ukishalijua hilo tu, nusu ya maneno unayoambiwa na majirani inaanza kuleta maana na nusu nyingine unaachana nayo.

Maana dawa za hili doa ni nyingi mno. Mmoja anakwambia paka mayonezi ulale, mwingine dawa ya meno, mwingine piga pasi juu yake, mzee mmoja atakwambia majivu ya sigara na mafuta ya kula, fundi naye anakwambia spiriti, na kila mmoja anaapa kwamba kwake ilitoka. Na wengi wao wala hawadanganyi. Ishu ni kwamba hizo dawa zinafanya kazi kwa njia tofauti kabisa, na meza zetu nazo zimepakwa vitu tofauti kabisa, kwa hiyo kilichotoa doa kwa shangazi yako kinaweza kikakuharibia meza wewe na wote mkawa mmefuata maelekezo yaleyale.

Tuanze na kinachotokea pale kikombe kinapokaa. Chai imemiminwa, kitako cha kikombe kinapata moto, na hapo chini ya kitako kuna unyevu kidogo, labda chai imechuruzika pembeni, labda meza ilifutwa na kitambaa kibichi, labda ni jasho tu la hewa lililobanwa pale chini. Joto linafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: linalainisha vanishi, na linageuza huo unyevu kuwa mvuke usio na pa kutokea isipokuwa kuingia kwenye vanishi iliyolainika. Kikombe kikiondolewa vanishi inapoa na kukaza, huku ndani yake kumebaki vinafasi vidogo vidogo mno ambavyo macho hayawezi kuviona kimoja kimoja. Mwanga ukifika hapo hauendi moja kwa moja mpaka kwenye mbao ukarudi na rangi ya mbao, unatawanyika huku na huku na jicho linaona weupe. Ni kama povu la sabuni, maji hayana rangi na hewa haina rangi, ila ukivichanganya kwa vipovu vidogo vidogo unapata kitu cheupe pe. Na linakuwa duara kwa sababu vikombe vingi vinagusa meza kwa ule ukingo wa chini tu, katikati pamebonyea. Hotipoti au sufuria yenyewe inaacha wingu zima.

Mafundi wanaopuliza laka wanalijua hili jambo vizuri sana hata kama hawana habari na vikombe vya chai. Ukipuliza laka Dar es Salaam kipindi cha masika, hewa imejaa unyevu, ile thina inapokauka haraka inapoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unaganda juu ya laka mbichi na meza nzima inatoka na ukungu mweupe. Fundi mwenye uzoefu hapo hashtuki wala hakwangui, anasubiri jua, halafu anapuliza thina kidogo sana juu yake, laka inalainika, unyevu unatoka, inakaza upya ikiwa safi. Sasa duara la kikombe ni ukungu uleule, tofauti ni kwamba umeingia kwenye meza iliyokwisha kauka. Na kwa sababu ni uleule, tiba yake ya kweli ni ileile: ilainishe vanishi kidogo, upe unyevu njia ya kutoka, iache ikaze upya.

Ila kabla hujashika chochote, angalia rangi ya doa. Hapa tunaongelea jeupe, la maziwa maziwa, au la kijivu kilichopauka. Kama doa ni jeusi au la bluu iliyoiva, hilo ni jambo jingine, maji yameshapita vanishi yakafika kwenye mbao, yakakutana na asidi ya asili iliyomo kwenye mti na labda kutu ya kopo au ya mguu wa chungu cha maua, na hapo hata uweke pasi mpaka umeme uishe halitoki. Lile linahitaji vanishi itolewe yote pale, mbao isafishwe kwa asidi ya oksaliki na ipakwe upya, na mimi ningempelekea fundi. Kuna na doa jeupe ambalo nalo halitibiki kirahisi, ni pale sufuria iliyotoka jikoni ilipokaa moja kwa moja na vanishi ikababuka, ukipitisha ukucha taratibu unahisi mikwaruzo, vipande vinanyanyuka. Huo weupe ni vanishi iliyoachana na mbao, hakuna unyevu wa kufukuza pale. Nayo mpelekee fundi.

Na hakikisha kwanza kwamba meza yako ni ya mbao. Sisemi kwa dharau, meza nyingi za madukani juu yake ni karatasi yenye picha ya mbao iliyogandishwa kwenye mbao za unga. Angalia pembeni: mistari ya mbao halisi inashuka kwenye ukingo, inaendelea. Ya karatasi inakatika pale kwenye kona, na ukiangalia vizuri juu utaona kijicho cha mbao kilekile kimejirudia sehemu mbili tatu. Kwenye hiyo karatasi mambo yote nitakayosema hapa usiyafanye, hasa pasi.

Haya, sasa kitu kinachoamua kila kitu: meza imepakwa nini. Kwa lugha ya mtaani vyote ni vanishi, lakini kwa doa hili kuna makundi matatu. Kuna frenchi polishi, yaani shelaki iliyoyeyushwa kwenye spiriti na kupakwa kwa kitambaa, utaikuta kwenye fanicha za zamani, makabati ya babu, meza za ofisi za miaka hiyo. Hii inashika doa kirahisi kuliko zote maana joto kidogo tu inalainika, na pia ndiyo rahisi zaidi kutibika. Kuna laka, inayopulizwa kwa mashine na kuchanganywa na thina, hiyo ndo imejaa kwenye fanicha za mninga na mkongo zinazotengenezwa Keko jijini Dar es Salaam na kwingineko. Hii iko katikati, inashika doa na inatibika. Halafu kuna vanishi ya mafuta ya kupaka kwa brashi pamoja na zile za kisasa za kuchanganya na hadna, yaani dawa ya kukazia, hizi zikishakauka hazirudi nyuma, spiriti haiziyeyushi, kwa hiyo mara nyingi hazishiki duara la chai, ila zikishika ni kazi kweli kweli.

Kujua ni ipi hauhitaji kumtafuta fundi aliyetengeneza. Pinduka chini ya meza, tafuta sehemu yenye vanishi isiyoonekana, mara nyingi upande wa ndani wa mguu kwa juu. Chovya kijiti cha pamba cha masikioni kwenye methilated spiriti, gusa hapo, hesabu mpaka thelathini kisha bonyeza kwa kidole. Kama panagandia vizuri na pamba imetoka na rangi ya kahawia au ya chungwa, ni frenchi polishi. Kama hakuna kitu, au panalainika kidogo sana tu, sogea pembeni kidogo urudie na thina ya laka, ikilainika na kugandia hiyo ni laka. Kama hata thina haijafanya kitu, au imejikunja tu kama ngozi, ni vanishi ya mafuta au ya hadna. Ni kazi ya dakika tano na itakuokolea meza.

Tuseme sasa meza ni ya aina ambayo naiona mara nyingi: meza ya sebuleni ya mninga, imepigwa laka, inang'aa kiasi, na mgeni kaweka magi ya chai ya maziwa bila kosta, akapiga stori nusu saa. Asubuhi kuna duara jeupe upana wa kitako cha magi, upande mmoja limekolea na upande mwingine limefifia. Hii nitakuelekeza hatua kwa hatua, maana mpangilio una maana yake, unaanza na kitu kisichoweza kuharibu na unapanda taratibu.

Cha kwanza ni kutofanya kitu. Doa bichi, la jana au la leo asubuhi, mara nyingi linapungua lenyewe maana unyevu unaendelea kutoka. Futa meza kwa kitambaa kikavu, ondoa kitambaa cha meza, fungua dirisha, iache siku moja au mbili. Watu wengi waliopaka mayonezi usiku wakaamka doa limefifia, sehemu ya sifa inastahili kwenda kwa huo usiku wenyewe.

Likibaki, safisha pale kwa kitambaa kilichochovywa maji yenye sabuni kidogo na kukamuliwa vizuri sana, kisha kausha. Hii ni kwa ajili ya sukari na mafuta ya chai, ukiweka joto juu ya uchafu unaugandisha pale. Halafu fanya jaribio dogo ambalo wengi hawalijui: dondosha tone moja mbili za mafuta ya mtoto juu ya doa, sambaza kwa kidole, uangalie kwa mwanga wa pembeni. Kama doa limepotea palepale, weupe uko juu kabisa ya utando, ni mkwaruzo tu uliojazwa na mafuta, na kuusugua kidogo kutamaliza kazi. Kama doa liko vilevile chini ya mafuta, basi limo ndani na unahitaji joto au spiriti. Futa mafuta yote kabla ya kuendelea. Na ukumbuke hapa kwamba doa lililopotea kwa mafuta halijatoka, limefichwa tu, likikauka linarudi, usije ukapiga picha ukawatumia watu mapema.

Kwenye mfano wetu limo ndani, basi tunaanza na joto. Kama kuna draya ya nywele nyumbani, hiyo ndo salama kuliko pasi, weka joto la kati, ishike juu kidogo ya meza na izungushe bila kusimama sehemu moja, kila baada ya muda mfupi gusa kwa kiganja. Meza inatakiwa iwe ya moto ambao kiganja kinaweza kukaa, ikifika pale ambapo unautoa mkono haraka umezidisha. Doa jipya linaanza kufifia kuanzia pembeni huku unaliona.

Bila draya, pasi. Na pasi ina masharti, maana ndo inayoharibu meza nyingi kuliko doa lenyewe. Mwaga maji yote yaliyomo, zima mvuke, weka kwenye joto la chini kabisa, lile la nailoni. Tandika kitambaa cha pamba kikavu, cheupe, kisicho na maandishi wala mishono, fulana ya zamani inafaa, kanga hapana maana rangi yake inaweza ikahamia mezani, na fulana yenye picha ya plastiki ndo kabisa usiguse. Weka pasi juu ya kitambaa kwa sekunde nne au tano, nyanyua pasi, nyanyua na kitambaa palepale, angalia. Rudia, ukisogeza kitambaa sehemu kavu. Usiiache pasi ikae halafu ukaenda kupokea simu. Laka ikilainika sana kitambaa kinazama ndani yake, na ukikivuta meza inabaki na alama za nyuzi kama muhuri, hapo umebadilisha doa moja kwa jingine baya zaidi. Dalili ya kusimama ni moja, kitambaa kikianza kugandia hata kidogo tu, basi, iache meza ipoe kabisa. Na kama juu kuna ganda jembamba la mbao lililobandikwa kwa gundi, kama fanicha nyingi za kiwandani, pasi inaweza ikalainisha na gundi iliyoko chini, ganda likavimba, kwa hiyo pale tumia draya tu na joto dogo.

Mara nyingi kwenye laka doa jipya linaishia hapo. Ila lile la wiki tatu, au lile ambalo kila jioni kikombe kinarudi palepale, litapungua nusu na kubaki kivuli. Hapo ndo spiriti inaingia, na hapa nitakaa kidogo maana ndiyo njia ya mafundi na ndiyo inayoelezwa vibaya kuliko zote.

Spiriti ninayosema ni methilated spiriti, ile ya dukani kwa vifaa vya ujenzi. Ile ya duka la dawa kwa ajili ya kusafisha vidonda mara nyingi ni asilimia 70, hayo mengine ni maji, na unajaribu kutoa maji kwenye vanishi kwa kuongeza maji, haiendi. Sanitaiza pia hapana, hiyo yenyewe ikidondokea meza ya frenchi polishi inaacha doa jeupe la kwake. Chukua kitambaa laini cha pamba, kifunge kama kibonge kidogo kisicho na mikunjo upande wa chini, weka spiriti kidogo sana, halafu kibonyeze kwenye kitambaa kingine kikavu mpaka kibonge kibaki na ubaridi tu. Ukikigusa shavuni unahisi baridi lakini shavu halilowi, hicho ndo kiwango. Sasa pitisha juu ya doa kwa mwendo wa haraka, mwepesi, kinaingia kikiwa kinatembea na kinatoka kikiwa kinatembea, hakisimami kabisa. Nyuma ya kibonge utaona mkia wa ukungu unaotokea na kupotea ndani ya sekunde moja. Huo mkia ndo ushahidi kwamba kiwango ni sahihi. Usipouona kibonge kimekauka, ukiona maji yanabaki yamekaa mezani ni kingi, acha pakauke bila kugusa.

Kinachofanyika ni kilekile cha fundi na thina yake, spiriti inalainisha uso wa utando kidogo sana kwa muda mfupi, vile vinafasi vinafunguka, vinajifunga upya. Kwenye frenchi polishi inafanya kazi haraka mno na hapohapo ndo hatari ilipo, ukisugua mara mbili sehemu moja umeiyeyusha, kitambaa kinatoka na kahawia na meza inabaki na bonde. Kwenye laka inafanya taratibu zaidi, utapita mara kadhaa, unapumzika dakika chache katikati. Kwenye vanishi ya mafuta ngumu haifanyi lolote la maana, ruka hatua hii. Na kitu kimoja cha usalama ambacho sitakiweka mwishoni: spiriti na pasi havikutani siku moja. Ukishatumia spiriti usirudishe pasi wala draya, usiwe karibu na jiko wala sigara, fungua madirisha, na kile kibonge ukimaliza kitandaze nje kikauke. Mvuke wa spiriti unashika moto kabla hujajua umetokea.

Baada ya joto na spiriti kinachobaki, kama kinabaki, ni kivuli chepesi cha juu juu, na hapo ndo zile dawa za jikoni zinapata kazi. Nyingi ni za kusugua. Dawa ya meno nyeupe ina unga laini wa kusugulia. Majivu ya sigara na mafuta ni kitu kilekile. Magadi soda na maji vilevile. Zote zinakwangua tabaka jembamba sana la juu, yaani haziondoi unyevu, zinaondoa ile sehemu ya vanishi iliyobeba weupe, na kwa kuwa duara la kikombe mara nyingi liko juu juu, zinafaulu. Mimi kama nina mafundi wa kupaka rangi magari jirani napendelea kuomba kijiko cha ile kompaundi yao laini ya kung'arishia kuliko kuweka dawa ya meno, maana unga wake uko sawasawa na hauna vile vichembe. Weka kidogo kwenye kitambaa chenye unyevu, sugua kufuata mistari ya mbao, usizunguke, kwa dakika moja hivi, futa, angalia. Kuna na stilwuli laini namba 0000 pamoja na mafuta ya mtoto, nzuri sana kwa meza isiyong'aa sana. Ila stilwaya ya kusugulia masufuria usiiguse, hiyo ni chuma nene, itakuandikia mistari ambayo ni koti jipya tu litaifunika.

Gharama ya kusugua ni mng'ao. Pale ulipokwangua patang'aa tofauti na pengine, kama meza ilikuwa ya kioo kioo pale patafifia, kama ilikuwa imefifia pale patang'aa. Watu wengi wanadhani doa halijatoka, wanaendelea kusugua, kumbe doa limetoka kitambo na wanachokiona sasa ni tofauti ya mng'ao. Namna ya kujua: simama ukiangalia kutoka juu kabisa. Ukiona weupe hata kutoka juu, doa bado lipo. Ukiliona ukiinama tu, mwanga wa dirisha ukipita juu ya meza, hiyo ni tofauti ya mng'ao. Dawa yake ni kusugua meza nzima, au angalau ubao mzima kuanzia kiungo hadi kiungo, kwa kompaundi ileile, kisha kupaka nta ya fanicha tabaka jembamba na kung'arisha. Ukijaribu kusawazisha kijiduara peke yake utakuwa unakipanua tu.

Na kwenye kusugua jihadhari na kona na pembe, hapo vanishi ni nyembamba kuliko katikati. Ukiona kitambaa kinaanza kutoka na rangi ya meza basi umefika kwenye rangi, simama, maana fundi wengi huweka rangi chini na laka safi juu, na ukishaigusa rangi hakuna nta itakayoirudisha.

Mayonezi na mafuta ya mgando sasa. Havisugui, havipashi, haviyeyushi. Mafuta yanaingia polepole kwenye vinafasi vya juu na kuvijaza, mwanga unapita tena. Kwa hiyo kwa doa jepesi la juu, kwenye frenchi polishi au laka iliyochakaa yenye vinyufa, inasaidia kweli, na haina madhara. Kwa doa la ndani kabisa hata uache wiki haifiki. Na mayonezi haina cha ziada juu ya mafuta ya mgando, isipokuwa harufu asubuhi na mstari wa sisimizi, mie mayonezi naiachia chipsi.

Kwa wenye vanishi ya mafuta au ya hadna habari ni fupi na si nzuri sana. Joto la draya kwa uangalifu, halafu kusugua kwa kompaundi, basi. Likigoma baada ya hapo fundi atapitisha msasa wa maji namba 600 juu ya ubao mzima na kupiga koti moja jipya. Kwenye laka hata hilo ni rahisi zaidi, maana laka mpya inayeyuka kidogo na ile ya zamani vikawa kitu kimoja, fundi anaweza akapuliza thina na laka nyepesi bila kukwangua chote. Mwambie hivyo hivyo kabla hajaanza, asije akakukwangulia meza nzima mpaka mbao na kukulipisha kazi ya siku mbili kwa duara moja.

Mwisho niseme kuhusu kile kitambaa cha plastiki cha meza, kile chenye maua, ambacho nyumba nyingi wanakitandika wakiamini kinalinda. Dhidi ya mchuzi uliomwagika, ndiyo. Dhidi ya joto na unyevu, kinyume chake. Hotipoti ikikaa juu yake joto linapita, na unyevu uliokuwa chini hauna pa kwenda siku nzima, wiki nzima, ndo unakuta meza imepauka mabaka makubwa ambayo hayana hata umbo la kikombe. Juu ya hapo, ile plastiki laini ina mafuta yake inayofanya iwe laini, na hayo mafuta yanahamia taratibu kwenye laka mpaka inanata, ukinyanyua kitambaa kinavutana na meza na kuacha michoro ya maua juu ya vanishi. Mabaka ya unyevu yanatibika kwa draya kama nilivyoeleza, ila hiyo laka iliyonata hairudi, inatolewa na kupigwa upya. Kama lazima plastiki iwepo basi chini yake tandika kitambaa cha pamba kizito au blanketi jembamba, nyanyua vyote mara kwa mara meza ipumue, na meza iliyotoka kwa fundi juzijuzi usiifunike kabisa kwa wiki kadhaa za mwanzo, laka inaonekana imekauka kwa kidole lakini ndani bado inatoa thina, na kikombe cha chai kikiikuta katika hali hiyo hakihitaji hata kuwa cha moto sana.